Miezi Miwili ya Morjina

Morjina hakuwahi kuuza kitu bila kukiongezea kidogo. Maziwa aliyaongezea maji, mchele aliuongezea chuya, na umri wa mbuzi aliuongezea miezi. Habari ya maziwa na mchele ilijulikana kijiji kizima, na watu walishaizoea, maana hata maji ya Morjina yalikuwa matamu. Habari ya miezi ilikuwa haijajulikana bado siku ile Kohinur, mke wa Lokman muuza chai, alipovuka ua akiwa na noti kwenye pindo la sari yake, kwenda kununua mtoto wa mbuzi.

Noti zile zilitokana na kuku wake wote. Kohinur aliwauza hadi jogoo, kwa sababu alikuwa na dada. Dada huyo, Saleha, aliolewa Sylhet, upande wa pili wa nchi, kwenye vilima vya chai, na ilikuwa imepita miaka tisa hawajaonana. Kwenye simu Saleha alisikika amezeeka. Mwezi uliopita alikohoa katikati ya maneno kisha akacheka, na Kohinur akakaa siku mbili hana raha. Alipomwambia mumewe kwamba anataka kwenda, Lokman alifunua birika, akachungulia ndani.

"Mama Shimul, nimetazama," alisema. "Majani yamo, maji yamo. Nauli ya Sylhet haimo."

"Nitaitafuta mwenyewe."

"Ukiipata, nitakubebea mzigo mpaka stesheni. Kichwani."

Basi hapo ndipo mbuzi alipozaliwa katika fikra za Kohinur. Watu wa Chuadanga, wilaya yao, wamelelewa pamoja na mbuzi weusi, wafupi, wa nyama tamu. Hata asiye na shamba anaweza kufuga mmoja kwa majani ya kuokota. Unanunua kitoto kilichokwisha hasiwa wakati bei iko chini, unakilisha miezi saba, na Idi ya Kuchinja inapokaribia unauza ndafu kwa watu wa mjini ambao wiki hiyo mifuko yao haina zipu. Sharti ni moja: awe ametimiza mwaka. Asiyetimiza mwaka hafai kuchinjwa Idi, hata awe mnene kama mwenyekiti wa kijiji.

"Huyu ana umri gani?" Kohinur aliuliza.

Morjina hakusita hata kidogo. "Alizaliwa Idi ya Kuchinja iliyopita, asubuhi ile ile. Mimi nina nyama jikoni, mama yake analia uani. Hesabu mwenyewe, mke wa Lokman. Miezi mitano."

"Mbona mdogo?"

"Walizaliwa watatu na mama ana chuchu mbili. Huyu ni mpole, alikuwa anawapisha wenzake. Mtu mpole unamwona mdogo, lakini umri wake uko pale pale."

Kohinur alifungua mdomo wa kitoto akatazama meno. Yalikuwa ya maziwa, kama yalivyo ya mbuzi wa miezi mitano, na kama yalivyo pia ya mbuzi wa miezi mitatu. Akahesabu kwa vidole: kutoka Idi hadi Idi ni mwaka kamili, hauzidi wala haupungui. Aliona kwamba Mungu mwenyewe amempangia. Akalipa bei ya miezi mitano, akakibeba kitoto kifuani, nacho kikaanza kumtafuna nywele.

Alimwita Nawabu, yaani mwinyi, na jina lilimkaa vizuri mno. Baada ya wiki mbili Nawabu hakutaka jani lililoanguka chini. Alitaka la mfenesi, bichi, lililoning'inizwa usawa wa pua yake. Jioni alipewa pumba za mchele na mashudu ya haradali yaliyolowekwa, yenye chumvi kidogo, kwa kipimo cha mkono wa Kohinur na si zaidi. Kohinur alimtengenezea kitanda cha mianzi kilichoinuka, kwa sababu mbuzi akilala penye unyevu kifua kinamuua. Dawa ya minyoo alimpa, chanjo akampeleka. Lokman alipoona gunia limewekwa juu ya kitanda kile wakati wa baridi, alisema kwamba yeye kifua kimekuwa kikimbana tangu waoane na hajawahi kuletewa gunia.

Lakini ni Lokman huyo huyo aliyekaribia kuiua biashara. Nawabu alijifunza njia ya kibanda cha chai. Alisimama mbele ya benchi, akamtazama mteja kwa macho yale ya njano mpaka mteja akaona haya akampa biskuti. Siku moja Lokman alimmwagia bakuli zima la makombo ya mikate na wali uliolala, kwa nia njema, ili anenepe haraka. Jioni tumbo la Nawabu lilivimba upande wa kushoto likawa ngoma, akalala akiguna.

"Umempa nini, Baba Shimul?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha mtu au kidogo cha mbuzi?"

Kohinur alimnywesha mafuta ya kupikia taratibu kwa chupa, akamkanda ubavu, akamtembeza kuzunguka nyumba huku Lokman akifuata nyuma akimwomba mbuzi msamaha. Walizunguka mpaka Nawabu alipotoa hewa kwa kishindo. Kohinur alikaa kizingitini akalia kwa furaha. Alikuwa ameiona safari ya Sylhet ikikata roho mbele yake. Tangu siku hiyo Lokman alipigwa marufuku kulisha chochote kisipokuwa biskuti moja kwa siku, nayo mkononi, mbele ya mwenye mbuzi.

Majani ya mahindi yalikuja yakapita, joto likaanza, na Nawabu akawa mali ya kutazamwa. Mgongo wake ulijaa hata ukibonyeza huoni mfupa. Manyoya yaling'aa. Wapita njia walisimama. Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya Idi, akaja bwana mmoja kutoka mjini, karani wa benki mstaafu aitwaye Tofazzol, mwenye mwavuli na viatu visivyofaa kwa matope. Aliwaambia watu kibandani kwamba amechoka na mbuzi wa mnadani waliojazwa maji tumboni. Anatafuta ndafu aliyelelewa nyumbani, atalipa vizuri, na atamwacha hapo hapo mpaka siku ya Idi kwa sababu yeye anakaa ghorofa ya tatu.

Lokman aliziba birika akamleta mbio.

Bwana Tofazzol alimzunguka Nawabu mara mbili. Akambonyeza mgongo, akashika pembe, akatazama masikio kama hayakuchanwa, akamtembeza kama hachechemei. Akataja bei. Ilikuwa bei nzuri mno hivi kwamba Kohinur ilibidi ajifanye anakohoa. Kisha mzee akainua mdomo wa juu wa Nawabu kwa kidole gumba, ingawa meno ya mbele ya mbuzi yako chini. Akarekebishwa, akainamisha wa chini, akatazama.

"Hajang'oa meno ya maziwa," alisema. "Sioni yale meno mawili makubwa."

"Wengine huchelewa," Kohinur alisema. "Huyu mwaka wake unatimia asubuhi ya Idi yenyewe. Kuna wanaotimiza mwaka meno yakaja miezi miwili baadaye."

"Ni kweli, hata imamu wetu anasema kinachotakiwa ni umri, meno ni alama tu. Lakini mama, mimi nitaulizwa na Mungu. Hapa kuna shahidi? Alizaliwa kwa nani?"

Kohinur aligeukia ua wa jirani. Yeye na Morjina walikuwa hawasemeshani tangu Nawabu alipoingia kwenye maharage ya Morjina na kuyamaliza, kwa utulivu, mche baada ya mche. Hata hivyo aliita. Morjina akaja akijifunika ushungi, uso umekunjamana, akitegemea kwamba kesi ni ya maharage.

"Mama," Bwana Tofazzol alimwambia kwa heshima, "nataka kumchinja mbuzi huyu kwa ajili ya Mungu. Niambie kweli, kama utakavyosema mbele yake. Alizaliwa lini?"

Morjina alifungua mdomo. Kohinur aliona kabisa uongo ukiwa umeshafika kwenye ulimi, umevaa vizuri, uko tayari kutoka. Kisha Morjina akatazama mwavuli wa mzee, akatazama kofia yake, akatazama mbingu, akameza mate. Kuongeza maji kwenye maziwa ni jambo moja. Kumdanganya mtu katika ibada yake ni jambo jingine, na Morjina, kwa masikitiko yake mwenyewe, alikuwa anamwogopa Mungu.

"Alizaliwa siku walipokuja wageni kumtazama binti yangu Bilkis," alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa mvua. Mama yake alizalia kwenye kiatu cha shangazi yake bwana harusi."

Wateja wote wa kibandani walikuwa wamefika kusikiliza, na wote wakaikumbuka siku ile, kwa sababu kiatu kile kilizungumzwa kijijini kwa wiki nzima. Ilikuwa miezi miwili baada ya Idi.

"Basi siku ya Idi atakuwa na miezi kumi," alisema Bwana Tofazzol.

Nawabu alichukua ncha ya mwavuli akaanza kuitafuna.

"Miezi miwili," alisema Kohinur. Hakupandisha sauti, na kwa hiyo watu walisogea nyuma. "Uliniuzia miezi miwili ambayo haipo, Mama Bilkis. Nimeilisha pumba miezi ambayo haipo."

"Nilikosea kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Laiti mambo yangeishia hapo, Kohinur angevumilia. Lakini Bwana Tofazzol alikuwa akimtazama Morjina kwa macho yaliyolowa. Katika nchi hii, alisema, katika siku hizi, mama huyu amesema kweli ingawa inamwaibisha mbele ya jirani zake. Je, yeye mwenyewe hana mbuzi wa kuuza? Na Morjina alikuwa naye. Kaka yake Nawabu wa uzao uliotangulia, mwembamba, mwenye mbavu za kuhesabika, aliyelelewa kwa kusahauliwa. Lakini meno yake mawili yalikuwa wazi kama milango ya msikiti. Mzee alimnunua palepale, akatoa na malipo ya mwanzo, akisema kwamba baraka haipimwi kwa kilo. Morjina alirudi kwake akiwa amefunga noti kwenye pindo, akitembea kwa uangalifu, kama mtu ambaye hajaelewa kilichompata na hataki kukiharibu kwa kuuliza.

Siku hiyo Kohinur hakupika. Lokman alikula bisi za mchele na hakusema neno la mzaha mpaka jioni, jambo lililomtisha Kohinur kuliko yote.

"Mpeleke mnadani," Lokman alisema mwishowe. "Huenda kuna asiyetazama meno."

Hakuna asiyetazama meno. Mnada wa wiki ya mwisho kabla ya Idi ulikuwa umefurika, mbuzi na watu wamechanganyika, na kila mnunuzi aliyemkaribia Nawabu alianza kwa kusema "mashallah" na kumaliza kwa kumwachia mdomo. Kohinur alijaribu kueleza. Kuna aliyesema atarudi, kuna aliyesema arudi naye mwakani. Mtu wa kumi na kitu alipopeleka kidole, Nawabu, aliyekuwa amechoka kufunguliwa kinywa na watu asiowajua bila kupewa hata biskuti, alikibana kidole kwa meno yale yale ya maziwa.

"Kumbe yanafanya kazi," alisema Lokman.

Dalali mmoja mwenye kikoi cha buluu aliwavuta pembeni. Alikuwa anamjua fundi, alisema, ambaye kwa pesa kidogo anabandika meno mawili safi, gundi haionekani, inadumu siku nne. Idi ni keshokutwa.

"Na siku ya tano?" aliuliza Kohinur.

"Siku ya tano mbuzi ameshaliwa, mama."

Lokman alimtazama mkewe. Kohinur alimtazama Nawabu. Alifikiria Saleha akikohoa, na kusema kweli aliifikiria gundi kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Kisha akaukumbuka uso wa Morjina siku ile akimeza mate, na akakasirika upya, maana lilikuwa jambo la aibu kushindwa ucha Mungu na Morjina.

"Twende nyumbani," alisema.

Njiani mchinjaji wa barabarani aliwasimamisha akataja bei ya nyama ya kawaida, akatoa na mfupa, akatoa na wasiwasi wake, ikabaki bei ambayo ukiondoa kitoto, pumba, mashudu, dawa na chanjo, Kohinur angepata sari moja ya kuvaa jikoni. Nauli isingekuwemo. Alikataa. Lokman alisema wamfuge mpaka Idi ijayo, atakuwa na meno manne na ukubwa wa ndama. Kohinur alitembea mbele. Mwaka mwingine. Saleha ataweza kukohoa mwaka mwingine? Alimvuta Nawabu kwa nguvu isiyo ya lazima, na Nawabu akamfuata kwa heshima, akidhani wanaukimbilia mfenesi.

Walipofika, Morjina alikuwa amekaa kizingitini mwao.

Alikuwa amevaa sari ya kutokea, na mkononi ana kibakuli cha maharage. Kohinur alikitazama kibakuli. Katika ujirani wao wote, Morjina alikuwa hajawahi kuja na kitu mkononi.

"Mmetoka mnadani," alisema Morjina.

"Tumetoka."

"Na mimi nimetoka jana." Akapangusa jasho. "Mambo ya harusi ya Bilkis. Si unajua ni siku ya tatu baada ya Idi? Tulishapatana na wenzetu, ng'ombe na kuku. Sasa juzi shangazi yake bwana harusi kaleta maneno. Anasema bwana harusi wao lazima awekewe ndafu mzima wa kuoka mezani, mbele yake, na pembe zake, na majani mdomoni. Anasema kwao bila hivyo bwana harusi hakupokewa."

"Shangazi yupi?" aliuliza Lokman.

"Wa kiatu."

Lokman aliingia ndani akaanza kupanga vikombe, mabega yakimtikisika.

"Si ulikuwa na ndafu," alisema Kohinur.

"Nimemuuza kwa yule mzee wa mwavuli. Na hata hivyo Montu mpishi amemkataa. Anasema aliyekwisha ng'oa meno ukimwoka mzima anakuwa kiatu. Anataka mchanga, mnene, asiyefika mwaka, mgongo umejaa mafuta. Nimezunguka mnada wote, mke wa Lokman. Wote wana meno. Wiki hii nani analeta asiye na meno mnadani?" Akatazama chini. "Labda wewe tu."

Nawabu alikwisha kiona kibakuli. Alisogea, akaingiza pua, akaanza kula maharage ya Morjina kwa mara ya pili katika maisha yake, na safari hii hakuna aliyemfukuza.

Kohinur alikaa. Aliweka vizuri pindo la sari. Alikuwa amesahau jinsi mtu anavyojisikia anapokuwa na kitu ambacho mwingine anakitaka, na aliamua kutoharakisha.

"Ni kweli hajafika mwaka?" aliuliza.

"Si unajua hajafika. Ana miezi kumi. Mtoto kabisa."

"Wewe uliniuzia wa miezi mitano. Nimemfuga saba. Hapo ni ngapi?"

Morjina alianza kuhesabu kwa vidole.

"Kumi na mbili," alisema Lokman kutoka kwenye vikombe. "Hata mimi najua."

"Mimi nilinunua mwaka kwako, Mama Bilkis, na mwaka ndio ninaouza," alisema Kohinur. "Bei ya Idi. Ile aliyoitaja mzee wa mwavuli mbele yako. Kama unamtaka wa miezi kumi, mtafute huko huko ulikoniuzia wa mitano."

Morjina alilalamika kwamba ile ilikuwa bei ya ibada na hii ni harusi tu. Alisema ni jirani. Alisema alimpa maji Kohinur kisima chake kilipokauka. Kohinur alikubali yote hayo, akasema maji anayakumbuka, hata kwenye maziwa aliyakuta. Lokman ilibidi akimbilie nyuma ya nyumba kucheka. Mwishowe Morjina alivuta pindo lake, akafungua fundo, na Kohinur akazitambua baadhi ya noti: zilikuwa ngumu, mpya, za benki, za Bwana Tofazzol. Zilihesabiwa, zikahesabiwa tena na aliyezipokea, zikahamia pindo la pili. Ukitoa gharama zote, faida ilibaki inayotosha nauli ya kwenda na kurudi, sari ya Saleha, na dawa ya kifua ikihitajika.

Kumpeleka ikawa kazi. Morjina alimvuta kwa kamba, Nawabu akapiga magoti chini akakataa. Alimsukuma nyuma, akakaa kabisa. Kohinur aliona haya kwa ajili ya wote wawili, akachukua biskuti kutoka kwenye kopo la Lokman, akatangulia. Nawabu aliinuka mara moja akamfuata, masikio mbele, mpaka uani kwa Morjina, mahali alipozaliwa. Mama yake alikuwa amefungwa kwenye nguzo, ana mimba tena. Alimnusa mara moja, akarudi kwenye majani yake.

Kohinur alimpa biskuti. Alimkuna pale katikati ya pembe alipopenda kukunwa. Alikuwa ameshasema mara nyingi kwa watu kwamba mbuzi ni biashara, na sasa aliendelea kukuna, akashindwa hata kumwambia Morjina kwamba asimlaze penye unyevu.

"Mdogo wangu," Morjina alisema taratibu. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ile miezi miwili. Unisamehe."

"Nitakusamehe nikirudi kutoka Sylhet."

"Si utakuwepo harusini? Nimekuwekea nafasi mbele, meza ya wanawake."

"Nimeshaagiza tiketi," alisema Kohinur, ambaye hakuwa ameagiza chochote. "Naondoka asubuhi ya harusi."

Morjina alimtazama, akamtazama mbuzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Lokman alitimiza ahadi. Alibeba mzigo mpaka stesheni, kichwani, akipita mbele ya watu waliokuwa wanaelekea harusini wakiwa wamejipaka manukato, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba yeye ni mchukuzi wa mfanyabiashara wa mifugo. Treni ilipoanza kwenda alikimbia kando ya dirisha akampa mkewe karatasi iliyosokotwa. Ndani yake mlikuwa na biskuti sita. Kohinur alikula moja tu, na nyingine akazishika mapajani mpaka Dhaka.

Saleha alikuwa amekonda, lakini alikuwa hai, na alikuwa mlangoni. Walishikana pale kizingitini kwa muda mrefu, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amezeeka, kila mmoja akikana. Walilia, wakacheka, Saleha akakohoa, wakalia tena. Kisha Saleha akamkalisha mkekani na kusema kwamba amemwekea kitu. Tangu Idi amekuwa akikichemsha asubuhi na jioni kisiharibike, na watoto amewapiga mikono kila wanapofunua chungu.

Alifunua. Ilikuwa nyama ya ndafu, paja zima, kwenye mchuzi mzito, mafuta yanaelea juu.

Kohinur aliitazama. Chuadanga, saa hiyo hiyo, shangazi wa kiatu alikuwa bila shaka amekwisha kuridhika.

"Mbona huli?" aliuliza Saleha. "Umechoka?"

"Dada, huyu mbuzi alikuwa na meno?"

Saleha alifikiri safari imemvuruga. "Mawili. Makubwa. Shemeji yako aliyatazama mwenyewe. Kwa nini?"

"Basi si yeye," alisema Kohinur, na machozi yakiwa bado yanamtoka, akavuta sahani, akala, akaomba na ya pili.